Simu ina deni lake, laini ina gharama yake

Tarehe 25 Novemba, dekleran wetu wa Kasumbalesa, yule kijana aliyekuwa akipeleka karatasi zetu za forodha mpakani, alifika bironi Lubumbashi kuaga. Alikuwa amepata kazi kwenye kampuni moja ya madini upande wa Kolwezi. Aliweka mezani funguo za chumba cha Kasumbalesa, kitabu cha risiti, na ile simu ya kampuni pamoja na chaja yake, akatia sahihi kwenye karatasi ya makabidhiano, tukamtakia heri. Alipotoka, patroni alinigeukia na kuniuliza swali ambalo mtunza hesabu anapaswa kuwa na jibu lake kabla halijaulizwa: «Mama kontabu, hii simu aliyoiacha, bado tunaidaiwa ngapi?»

Nilifungua vitabu, na vitabu havikuwa na jibu. Kwa miezi tisa nilikuwa nimelipa ankara ya laini ile, au fakture kama tunavyoiita hapa kwetu, na kila mwezi nilikuwa nimeiandika yote kwenye akaunti 628, ambayo katika mpango wa hesabu wa SYSCOHADA ndiyo ya gharama za mawasiliano. Kwa vitabu vyangu, kampuni ilikuwa imetumia pesa kwa kuzungumza na kutuma ujumbe, na mwezi ukiisha jambo limeisha. Hakuna mahali palipoonyesha kwamba tulinunua kitu kwa mkopo na kwamba mkopo huo ulikuwa bado haujafika hata nusu. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaoshika hesabu za biro ndogo, na kwa yeyote aliyechukua simu kwa mkataba wa kulipa mwisho wa mwezi, kwa sababu kosa langu ni rahisi kulifanya na linachukua muda kuonekana.

Hapa kwetu watu wengi hununua mega na dakika kwanza, ndipo watumie. Mkataba wa kulipa baadaye huwa zaidi wa makampuni, na sisi tuliingia humo mwezi wa tatu kwa sababu dekleran alikuwa akikatikiwa na salio katikati ya mazungumzo na ofisi ya forodha. Kampuni ya simu ilitupatia laini yenye forfe, yaani dakika na mega za mwezi mzima kwa bei moja, pamoja na simu mpya ambayo tungeilipa pole pole. Bei ya simu ilikuwa dola 540 pamoja na TVA. Tulitoa avansi ya dola 60, na dola 480 zilizobaki ziligawanywa katika awamu 24 za dola 20 kila moja. Siku ile nilifanya jambo moja sahihi: niliuliza bei ya simu ileile kwa mtu anayelipa taslimu, nikaambiwa ni dola 540. Maana yake ni kwamba mkopo haukuwa na riba. Kama bei ya taslimu ingekuwa 500, zile dola 40 za ziada zingekuwa riba, hata kama neno hilo halikuandikwa popote kwenye mkataba.

Kilichonipotosha ni sura ya ankara yenyewe. Ilikuwa ukurasa mmoja, na mstari wake wa kwanza uliunganisha forfe na simu kwa dola 45. Mstari wa pili ulisema «huduma nyingine», kisha ikafuata TVA, kisha jumla. Ankara ya tarehe 1 Novemba, ambayo bado ninayo kwenye faili, ilikuwa na dola 45 kwenye mstari wa kwanza, dola 10 kwenye wa pili, TVA dola 8.80, na jumla dola 63.80. Niliihakiki hesabu kila mwezi na kila mwezi ilikuwa sawa, kwa sababu nilikuwa ninajumlisha tu. Sikujiuliza dola 45 zimeundwa na nini.

Tarehe 27 Novemba nilikwenda kwenye duka la kampuni ile ya simu, nikiwa na mkataba mkononi na ombi la kufunga laini. Dada aliyekuwa kwenye meza ya wateja wa makampuni alilisoma ombi langu taratibu, akaniuliza: «Mama, mnataka kufunga laini, au mnataka kumaliza simu?» Nilimjibu kwamba kwangu ni kitu kimoja. Akageuza skrini yake ili nami nione. Kulikuwa na akaunti mbili chini ya namba moja: moja ya laini, yenye forfe ya dola 25 kwa mwezi kabla ya kodi, na nyingine ya kifaa, yenye maneno «9/24» na salio la dola 300. «Laini naweza kuifunga, mama. Lakini laini ikifungwa, awamu zote 15 zilizobaki zinadaiwa kwa mara moja. Kipengele hicho kiko kwenye mkataba wenu, ukurasa wa tatu.» Nilifungua ukurasa wa tatu, nikakikuta.

Ninamshukuru dada yule mpaka leo, kwa sababu angeweza kupokea ombi, akagonga muhuri, nasi tungeletewa ankara ya mwisho yenye dola 300 tusizozitarajia. Nilimwomba mambo mawili: ankara zetu zitenganishwe kuanzia mwezi ule, na anipe ile ankara ya mauzo ya simu ya mwezi wa tatu, kwa kuwa nakala yetu ilikuwa imepotea. Alisema ankara iliyotenganishwa hutolewa kwa mteja anayeomba, na kwamba makampuni mengi hayaombi.

Usiku ule nilikaa na karatasi hizo mbili nyumbani, ankara ya mauzo upande mmoja na ankara ya Novemba upande mwingine. Ankara ya mauzo ilionyesha simu kwa dola 465.52, TVA ya asilimia 16 dola 74.48, na jumla dola 540. Kwa hiyo kodi ya simu ilikuwa imekwisha kutozwa siku tuliyoichukua, na ilikuwa tayari ndani ya zile dola 540 tulizozigawanya katika awamu. Awamu ya dola 20 ni kurejesha deni tu, wala haitakiwi kuongezewa kodi tena. Sasa nikachukua ankara ya Novemba na kufanya kile nilichopaswa kukifanya tangu mwezi wa tatu: badala ya kuanzia juu kwenda chini, nilianzia kwenye kodi kurudi nyuma. Dola 8.80 ukizigawa kwa 0.16 unapata 55. Kodi ilikuwa imepigwa juu ya dola 55 zote, yaani forfe 25, huduma nyingine 10, na awamu ya simu 20. Kodi sahihi ilikuwa juu ya dola 35 tu, ambayo ni dola 5.60. Tofauti ilikuwa dola 3.20, na hiyo ndiyo asilimia 16 ya dola 20 kamili.

Dola 3.20 ni kidogo, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeiona. Lakini kwa ankara tisa ilikuwa dola 28.80, na kama isingeonekana ingefika dola 76.80 mwisho wa mkataba. Kwa biro inayojaza tangazo la TVA kila mwezi kuna jambo lingine pia: mimi nilikuwa ninaiomba kodi ile kama kodi ya kukatwa, yaani ile tuliyolipa kwa wauzaji na tunayoipunguza kwenye kodi tunayodaiwa na serikali, juu ya kitu ambacho kodi yake tulikwisha kuiomba kwenye ankara ya mauzo. Mkaguzi angenikuta nimekata kodi ya simu moja mara mbili, na jina lililo kwenye tangazo ni letu, si la kampuni ya simu.

Kesho yake niliandika barua fupi, nikaambatanisha nakala ya ankara ya mauzo na nakala za ankara tisa. Katika kila nakala nilizungushia mstari wa kodi, na pembeni nikaandika hesabu ya kugawa kwa 0.16. Sikuandika malalamiko, niliandika hesabu peke yake. Walinijibu kwa nota ya kredi ya dola 28.80, nami nikarekebisha tangazo langu kwa kiasi hichohicho.

Tarehe 1 Desemba ankara ya kwanza iliyotenganishwa ilifika, na nataka kuieleza kwa utaratibu kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kusoma zote zilizofuata. Ilikuwa na sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni ya kifaa: awamu ya 10/24, dola 20, salio baada ya malipo dola 280, na mahali pa kodi pameachwa wazi. Sehemu ya pili ni ya forfe: dola 25, na pembeni tarehe 1 hadi 31 Desemba. Zitazameni tarehe hizo vizuri. Ankara imetoka siku ya kwanza ya mwezi, na forfe inayolipiwa ni ya mwezi unaoanza. Forfe hulipwa mbele. Sehemu ya tatu ni ya nyongeza, na tarehe zake zilikuwa za Novemba, kwa sababu nyongeza na matumizi yaliyo nje ya forfe huhesabiwa baada ya kutumika. Kwa hiyo karatasi moja ya Desemba ina deni la mkataba wa mwezi wa tatu, huduma ya mwezi unaoanza, na matumizi ya mwezi uliopita. Mtu akizijumlisha bila kuzitenga, hawezi kujua ni kipi kitakwisha chenyewe, kipi kitaendelea mpaka akikatishe, na kipi kinatokana na mkono wa aliyeishika simu.

Katika sehemu ya tatu kulikuwa na mistari miwili. Mstari wa kwanza ulikuwa kifurushi cha mega cha dola 10, kilichowashwa tarehe 28 Novemba. Nilishtuka, kwa sababu tarehe 28 simu ilikuwa imezimwa ndani ya mtoto wa meza yangu, na funguo ninazo mimi. Nilipoiwasha tarehe 2 Desemba, jumbe ziliingia moja baada ya nyingine, na mmojawapo ulisema kwamba kifurushi kimejirudia kwa siku 30 nyingine. Dekleran alikuwa amekichukua mara moja tu, tarehe 1 Julai, forfe ilipomwishia kwa ajili ya kutuma picha za nyaraka. Hakujua kwamba aliposema ndiyo siku ile, alikuwa amekubali pia marudio.

Hapo ndipo nilipolielewa jambo ambalo lilikuwa limetuletea maneno mabaya mwezi wa nane. Ankara ya tarehe 1 Agosti ilikuwa na dola 20 kwenye «huduma nyingine», na patroni alimwita kijana na kumuuliza kwa ukali kwa nini anatumia mega mara mbili. Kijana aliapa kwamba hakugusa kitu, nasi hatukumsadiki. Lakini kifurushi cha siku 30 hakifuati kalenda ya ankara. Kilichowashwa tarehe 1 Julai hujirudia tarehe 31 Julai, na zote mbili zimo ndani ya Julai. Baada ya hapo kilijirudia tarehe 30 Agosti, tarehe 29 Septemba, tarehe 29 Oktoba, na hatimaye tarehe 28 Novemba, mara moja moja kwa kila mwezi. Kama mstari ule ungekuwa na tarehe, tungeliona jambo hilo kwa dakika moja na kijana asingepewa lawama. Nilimpigia simu kumwomba radhi, na patroni naye alizungumza naye.

Mstari wa pili ulikuwa dola 6.25 za matumizi kwenye mtandao wa ng'ambo, pamoja na orodha ya mazungumzo yenye tarehe, saa na jina la nchi. Yote yalikuwa ya tarehe 14 Novemba, na nchi ilikuwa Zambia. Kijana hakuvuka mpaka siku ile. Yeyote aliyefanya kazi Kasumbalesa anajua jinsi simu inavyohama yenyewe: ukisimama karibu na kizuizi, mawimbi ya upande wa pili yakiwa na nguvu kuliko ya kwetu, simu huyakamata bila kukuuliza, na mazungumzo ya kumpigia mtu wa Lubumbashi yanahesabiwa kana kwamba umepiga kutoka nje ya nchi. Forfe yetu haikujumuisha matumizi hayo. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya simu na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ijichagulie, na kuzima mega za ng'ambo. Ubaya wake ni kwamba mahali ambapo mawimbi ya kwetu ni dhaifu kabisa, simu itabaki bila mtandao badala ya kuhama, na dekleran mpya alilazimika kuzoea kusogea hatua chache kurudi upande wa maegesho ya malori ndipo apige.

Hesabu ya ankara ile ilikuwa hivi. Vinavyotozwa kodi ni forfe 25, kifurushi 10 na matumizi ya ng'ambo 6.25, jumla dola 41.25, na TVA yake ni dola 6.60. Ukizigawa 6.60 kwa 0.16 unarudi kwenye 41.25 barabara, na awamu ya simu haimo. Ukiongeza awamu ya dola 20 unapata dola 67.85, na ukiondoa nota ya kredi ya dola 28.80 inabaki dola 39.05, ambazo nililipa bila wasiwasi wowote.

Sasa niliweza kumjibu patroni. Nilimwambia kwamba ombi la kufunga laini nimelirudisha bila kulikabidhi, na kwamba tuna njia mbili. Ya kwanza ni kufunga laini na kulipa mara moja awamu zote zilizobaki. Kwa kuwa mkopo hauna riba, kulipa mapema hakutupunguzii hata dola moja, bali kunatoa pesa yote kwenye sanduku siku moja. Ya pili ni kuiacha laini hai na kuiteremsha kwenye forfe ndogo ya dola 10, jambo ambalo mkataba uliruhusu baada ya miezi sita ya kwanza, huku awamu za simu zikiendelea kama zilivyokuwa. Kuteremsha forfe hakugusi awamu. Hili patroni alilidhania kinyume, akiona kwamba forfe ikishuka na simu nayo itakuwa nafuu. Namba ile ilikuwa inajulikana na wateja wetu wote na watu wa mpakani, na dekleran mpya angeihitaji, kwa hiyo tulichagua njia ya pili. Kama namba isingekuwa na kazi, ningemshauri afunge, kwa maana kulipa dola 11.60 kila mwezi kwa laini isiyopigiwa na mtu ili tu kukwepa kulipa deni la simu kwa mara moja ni kupoteza pesa.

Ombi la kubadilisha forfe linapaswa kufika kabla ya tarehe 20 ili lianze kufanya kazi mwezi unaofuata. Kwa sababu nilikuwa nimechelewa kwa Desemba, forfe ndogo ilianza Januari. Kifurushi nilikifuta mwenyewe kwenye simu, nikangoja ujumbe wa kuthibitisha, na nikaupiga picha.

Ankara ya Januari ilileta jambo moja la mwisho ambalo sikulitegemea: dola 2.50 za mtandao wa ng'ambo, za tarehe 24 Novemba, siku moja kabla kijana hajatuaga. Dada wa dukani alinieleza kwamba kumbukumbu za mazungumzo ya ng'ambo hutoka kwanza kwa kampuni ya nchi ile, na zinaweza kufika baada ya ankara ya mwezi husika kufungwa. Ndiyo sababu anayefunga laini hapaswi kuifunga faili yake siku anapopokea ile inayoitwa ankara ya mwisho. Mimi sasa huiacha wazi kwa miezi miwili zaidi.

Kwenye vitabu nilisahihisha pia. Awamu tisa zilizolipwa nilizitoa kwenye akaunti 628, na deni lililobaki nikaliweka kwenye akaunti 481, ile ya wauzaji wa mali za kudumu, ambako kila mwezi linapungua kwa dola 20. Forfe na nyongeza zikabaki 628, kila moja na mstari wake. Mbele ya ankara kila mwezi huangalia namba ya awamu, kisha salio, na nikikuta salio la ankara na la akaunti 481 hayalingani, silipi mpaka nijue kwa nini.

Kuanzia Februari ankara ilitulia kwenye dola 31.60: awamu 20, forfe 10, kodi 1.60. Tarehe 1 Februari ya mwaka uliofuata, sehemu ya kwanza iliandika 24/24 na salio sifuri. Mwezi wa tatu niliisubiri ankara kwa hamu, nikaifungua patroni akiwa amesimama nyuma yangu. Sehemu ya kifaa haikuwepo tena, na jumla ilikuwa dola 11.60.